Kadi moja, ahadi mbili: kisa cha vocha ya zawadi ya spa Kansanga

Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, mama mmoja aliingia kwenye spa iliyo karibu na barabara ya Ggaba, Kansanga, akiwa na wifi yake. Mkononi alikuwa na kadi aliyopewa na mumewe siku ya kuzaliwa, tarehe 14 Desemba. Binti wa mapokezi akaitazama mbele na nyuma, akaomba radhi, akaenda kumwita mwenye spa. Waliporudi wakamwambia kadi imeshapitwa na wakati, ila kwa kuwa ni mteja wao watampokea akiongeza shilingi 30,000. Wifi mtu akacheka. Akauliza kwa sauti kama kaka yake siku hizi ananunua kadi zilizokufa.

Mama yule alilipa, akafanyiwa masaji, akaondoka. Jioni mumewe akapiga simu, na hakupiga kudai shilingi 30,000. Alisema amevuliwa nguo mbele ya dada yake.

Niliitwa wiki iliyofuata. Kazi yangu ni kusanifu vitu vya kuchapwa, na kwa miaka kadhaa nimekaa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, ambako mtu anaingia na wazo asubuhi na kutoka na boksi la kadi jioni. Mwenye spa, dada aliyezaliwa Mombasa na kuolewa huku, alinipa ile kadi akasema: "Kaka, nitengenezee nyingine nzuri zaidi. Hii imechoka." Alidhani tatizo ni sura. Sura nayo ilikuwa na matatizo yake, nitafika huko. Lakini kilichomuumbua yule mama kilikuwa maneno, tena mistari miwili tu.

Mstari wa kwanza, katikati ya kadi kwa herufi za dhahabu: "Sh 120,000 – Masaji ya mwili mzima, dakika 60." Mstari wa pili, chini kabisa kwa herufi ndogo: "Inatumika kwa miezi 3."

Tuanze na huo wa chini, maana ni rahisi. Miezi 3 kuanzia lini? Mume alinunua tarehe 3 Oktoba 2024, kwa sababu ni mtu wa kujipanga mapema. Ukihesabu toka siku ya kununua, kadi iliisha tarehe 3 Januari. Ukihesabu toka siku mke alipokabidhiwa, ilikuwa hai hadi katikati ya Machi. Kadi yenyewe haikuwa na tarehe yoyote. Binti wa mapokezi alijua ya Oktoba kwa kufungua kitabu cha mauzo, na mama yule hakuwa na kitabu hicho. Alikuwa anahukumiwa kwa tarehe ambayo hakuwahi kuonyeshwa.

Sasa mstari wa juu, ambao kwangu ndio kiini cha kisa chote. Oktoba masaji ya dakika 60 ilikuwa shilingi 120,000. Kuanzia Januari bei ikapanda hadi 150,000. Je, mume alinunua shilingi 120,000 za kutumia pale, au alinunua masaji? Kadi ilisema yote mawili kwa pumzi moja. Siku ilipochapwa hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyeona tatizo. Siku bei ilipobadilika, kadi ile ile ikawa na ahadi mbili zinazopigana. Mwenye spa akasoma ile ya pesa, mteja akasoma ile ya masaji. Na maneno yanapokuwa na maana mbili, desturi ya sheria za mikataba tulizorithi kwa Waingereza ni kwamba mashaka humwelemea aliyeyaandika. Dada hakulipenda hilo, lakini hakulibishia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi nilimwambia kadi iseme jambo moja. Kama ni pesa, iseme pesa. Kama ni huduma, iseme huduma, na tarakimu za shilingi zisionekane popote.

Akaniuliza ipi kati ya hizo mbili. Nikataka kwanza kujua nani hununua. Tulikaa na kitabu chake cha mauzo na tukaona wanunuzi wa aina mbili. Kuna watu wa ofisini wanaomchangia mwenzao anayeolewa au anayekwenda likizo ya uzazi. Hao wanataka kiasi kionekane, kwa sababu kila aliyechanga anataka kujua mchango wake umefika. Kwenye harusi zetu Uganda si ajabu michango kusomwa hadharani kwa majina na kiasi, basi tarakimu kwenye kadi haimkwazi mtu. Halafu kuna waume, wachumba na mabinti wanaowanunulia mama zao. Hawa hawataki bei ionekane hata kidogo. Mama mtu mzima akiona shilingi 150,000 kwa ajili ya kukandwa mgongo, hataenda; atauliza kwa nini hukumletea pesa hizo anunue mabati.

Jibu likawa kadi mbili. Zina sura moja lakini maneno tofauti, na rangi ya ukanda wa pembeni inazitofautisha ili binti wa mapokezi asilazimike kusoma ndiyo ajue ni ipi. Ya pesa inaandikwa "Thamani: Sh" na nafasi ya kujaza kwa mkono, kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi. Bila maneno, 50,000 inageuzwa 150,000 kwa kalamu moja. Ina pia visanduku vitatu vya kuandika salio, kwa sababu mwenye kadi ya 200,000 akifanyiwa huduma ya 150,000 bado ana 50,000 zake. Ya huduma ina jina la huduma na dakika zake, basi.

Hapo swali la tarehe likabadilika kabisa. Dada alikuwa amezoea kufikiri kwamba tarehe ya mwisho ni ya kumharakisha mteja. Nikamwomba ajiulize tarehe hiyo inamkinga na nini hasa. Kwenye kadi ya pesa haimkingi na lolote kubwa. Shilingi 200,000 zitabaki 200,000, bei zikipanda anayeumia ni mwenye kadi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbiza. Tukaipa mwaka mzima, na mimi ningeipa hata zaidi. Kuna nchi ambako jambo hili halikuachiwa mfanyabiashara: Ireland tangu Desemba 2019, na Marekani kwa sheria ya mwaka 2009, zinataka vocha za namna hii ziishi angalau miaka 5. Dada alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Kadi ya huduma ni habari nyingine. Hapo spa imebeba hatari ya bei. Ameahidi masaji, na mafuta yakipanda, umeme ukipanda, masaji bado anadaiwa. Kama bei imepanda kwa 30,000 na kuna kadi 20 mikononi mwa watu, ana pengo la 600,000. Hapa tarehe inamkinga kweli, na ina haki ya kuwepo. Yeye hupitia bei zake mara moja kwa mwaka, Januari. Miezi 6 ikaonekana inatosha: anayenunua Februari hadi Juni hawezi kumkuta na bei mpya, anayenunua Julai hadi Desemba anaweza kumkuta, lakini hao anawajua na anaweza kuwahesabu.

Lakini tarehe ikipita, je? Hapa ndipo kadi nyingi huharibika, hata zile nzuri. Zinasema "haitatumika baada ya tarehe hii" na kunyamaza, kana kwamba pesa iliyolipwa imeyeyuka. Dada alisema ndivyo kila mtu anavyofanya. Nikamwambia ahadi ya huduma inaweza kuisha bila pesa kupotea. Tarehe ikipita, kadi ya huduma inageuka kadi ya pesa, kwa kiasi kile kile kilicholipwa. Angekuwa na kanuni hiyo Januari, na tarehe imeandikwa wazi, yule mama angefika akijua mwenyewe kwamba amechelewa na kwamba ana 120,000 zake mle ndani. Shilingi 30,000 zile zile, lakini zisingekuwa aibu. Alifikiri kwa siku mbili, akakubali, kwa sharti kwamba nayo iwe na kikomo cha mwaka mmoja zaidi.

Nyuma ya kadi ya huduma, baada ya kuandika na kufuta mara nyingi, paliishia hivi:

"Kadi hii inalipia masaji ya mwili mzima, dakika 60. Huna cha kuongeza. Kodi imo ndani.

Mwisho wa kutumika: ................ Siku hiyo bado inafaa.

Ukipiga simu kabla ya tarehe hiyo tukawa tumejaa, tutakupangia siku ya karibu, hata ikivuka tarehe.

Baada ya tarehe hiyo pesa iliyolipwa haipotei. Kwa mwaka mmoja zaidi itapunguzwa kwenye bei ya siku utakayokuja.

Unaweza kumpa mtu mwingine. Haibadilishwi kwa pesa taslimu. Njoo nayo, tutaichukua."

Maneno "kodi imo ndani" yamewekwa kwa sababu binti mmoja wa zamani aliwahi kumwongezea mteja VAT ya asilimia 18 juu ya kadi iliyokwisha kulipiwa. Kifungu cha kupiga simu nacho kina historia. Siku za mwisho wa mwaka spa hujaa, na mtu anayepiga simu tarehe 28 akapewa nafasi tarehe 4 hana kosa lolote.

Tarehe yenyewe tuliitungia kanuni moja ya kizembe kwa makusudi: hesabu miezi 6, kisha sogeza hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Iliyouzwa siku yoyote ya Februari 2025 inaisha 31 Agosti 2025. Binti wa mapokezi hahesabu siku, na mteja anapata siku chache za ziada. Mwezi unaandikwa kwa herufi, si tarakimu. Njia ile ya Ggaba ina ubalozi wa Marekani na wafanyakazi wengi wa mashirika, na 3/10 kwa mmoja ni Oktoba, kwa mwingine ni Machi. Kwa sababu ya aina hiyo hiyo niliondoa saa za kufungua. Kadi ya zamani iliandika "saa 4 hadi saa 2", na kwa Mswahili au Mganda hiyo ni asubuhi hadi usiku bila ubishi, kwa mgeni ni kitendawili. Namba ya simu inatosha.

Nisisahau la wakandaji, ingawa si la usanifu. Wao hulipwa asilimia ya kila huduma, na spa hii iliwahesabia kwa pesa iliyoingia siku ile. Mteja wa kadi alikuwa haingizi pesa siku ile. Unaweza kukisia alikandwaje. Nilipouliza kwa nini wateja wa kadi hawarudi, kila mtu alitazama sakafu. Siku hizi sehemu ya mkandaji inatengwa kadi inapouzwa, kwenye bahasha, ikiwa na namba ya kadi.

Sasa sura.

Kadi ya zamani ilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu amelala na mawe mgongoni, ile ile ambayo umeiona kwenye spa zote toka Ntinda hadi Entebbe. Kijani kilichokolea kilifika hadi ukingoni, na hapo palikuwa na mstari mwembamba mweupe upande mmoja. Mstari ule ulitokana na kubana matumizi. Kadi ndefu ya milimita 210 kwa 99 inatoka 3 kamili kwenye A4, na wachapaji wengi hufanya hivyo. Lakini mashine ya kawaida haichapi hadi ukingo wa karatasi, kwa hiyo kadi hubaki na weupe pembeni. Ukitaka rangi ifike mwisho, unahitaji milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na hapo A4 haitoi tena 3, hivyo uchape chache zaidi au uhamie karatasi kubwa. Njia ya tatu ni kuacha ukingo uwe wa rangi ya karatasi yenyewe na kuweka mapambo ndani. Tuliichukua hiyo. Ni ya bei nafuu na haionyeshi kosa.

Mapambo yenyewe nilikosea. Nilitaka kitu cha hapa, si mawe na maua ya mtandaoni, nikachukua picha ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa hadi likawa kitambaa. Rangi yake ya udongo ni nzuri sana, na UNESCO imeuweka ufundi wake kwenye orodha yake ya urithi. Nikachapa mfano mmoja nikauweka mezani. Mama anayetukatia karatasi, Mganda wa makamo, akaushika, akauliza: "Nani amekufa?" Kwa Baganda lubugo huvaliwa kwenye sherehe za kifalme, ni kweli, lakini pia ndicho kitambaa wanachofungia maiti. Kumpa mama mkwe kadi ya kujilaza chini ufunikwe, iliyozungushiwa sanda! Nikaichana palepale.

Tukahamia kwenye mkeka. Mistari ya ukindu uliotiwa rangi ya zambarau, na mwingine wa asili, ikikatana. Mkeka hutandikiwa mgeni, unapelekwa harusini, na hauna msiba wowote unaoutangulia. Ukanda mmoja wa mkeka upande wa kushoto, jina la spa, na mstari "Zawadi kwako" katikati. Kadi ya pesa ina ukanda wa zambarau, ya huduma ukanda wa kijani.

Karatasi ni ya gramu 300. Dada alitaka ipakwe plastiki pande zote ing'ae, nami nikampa kalamu yake ya wino aandike jina lake kwenye mfano uliopakwa. Akaandika, nikahesabu hadi kumi, nikapitisha kidole gumba. Jina likawa wingu. Mhuri nao haukauki juu ya plastiki. Vocha ina mistari ya "Kwa" na "Kutoka kwa", tarehe na namba. Vyote hivyo vinaandikwa kwa mkono, mbele ya mnunuzi anayesubiri. Kwa hiyo mbele imepakwa plastiki isiyong'aa, na nyuma imeachwa kavu. Majina yamehamia nyuma, juu ya masharti, na kwa kweli yamepata nafasi nzuri zaidi, maana mwenye kupewa akigeuza kadi atafute jina lake, macho yanashuka yenyewe hadi kwenye tarehe.

Bahasha ni ile ndefu ya milimita 220 kwa 110. Risiti ya mnunuzi haiingii humo kamwe, na hili tumeliandika kwenye karatasi na kulibandika kaunta.

Namba ya kadi ilileta mjadala kidogo. Za zamani zilikwenda 001, 002, 003, na aliyeshika 047 alijua 048 ipo. Sasa kila namba inafuatwa na herufi mbili zisizo na mpangilio, mfano 0148-KR, na herufi O na I hazitumiki kwa sababu zinafanana na sifuri na moja. Kitabuni panaandikwa namba, siku ya kuuzwa, kiasi kilicholipwa, simu ya mnunuzi, tarehe ya mwisho, na siku iliyotumika. Kadi ikitumika inachukuliwa na kukatwa pembe. Mtu akitoa fotokopi, wa kwanza kufika na kadi halisi ndiye anayehudumiwa.

Kabla ya kuchapa zote 200 nilizichukua nakala 3 hadi kwenye duka la chai la jirani, nikawapa watu wasiojua lolote, nikawauliza mawili: utalipa nini ukifika, na mwisho wake lini? Wawili walijibu sawasawa. Wa tatu, kijana wa bodaboda, alisema kadi inaisha "baada ya mwaka mmoja". Alikuwa ameruka tarehe akasoma kifungu cha nne. Nikaongeza ukubwa wa mstari wa tarehe na kuuwekea kisanduku, kile cha mwaka mmoja nikakiacha kidogo. Nikamrudishia. Akasema Agosti.

Lililobaki hatujalimaliza ni la WhatsApp. Watu walio nje ya nchi hutuma pesa kwa simu na kutaka picha ya kadi wamtumie mama yao hapa Kampala. Picha inasambazwa kwa kidole kimoja, na pembe yake huwezi kuikata. Kwa sasa dada anawatumia picha ya bahasha tu, na kadi yenyewe inamsubiri mama mapokezini kwa jina lake na namba yake ya simu. Mama mmoja alikuja mwezi wa tano, akaomba apewe kwanza bahasha aifungue mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mapokezi akaisoma pande zote mbili, halafu akauliza kama anaweza kuirudisha ndani na kuja nayo wiki ijayo.

Binti wa mapokezi akatazama tarehe kwenye kisanduku, akamwambia anaweza.